Mwajiri anadai nyaraka zilizopungua: nijibu leo au nisubiri zikamilike?

Mkaa_Foleni: Wakuu, naanza kazi Dar Jumatatu tarehe 14 Julai, nafasi ya msaidizi wa hesabu. Leo, 30 Juni 2025, afisa utumishi kaandika kwamba faili langu limepungukiwa na vitu vitatu: TIN, nakala ya cheti cha kidato cha nne iliyogongwa muhuri wa wakili, na cheti cha polisi cha tabia njema. TIN ninayo. Cheti halisi kiko Mbeya, kinapandishwa basi kesho. Alama za vidole nilishachukuliwa tarehe 24, cheti bado. Naona njia tatu:
A. Nikae kimya hadi vyote viwe mkononi.
B. Nijibu leo kwamba vyote vitafika Jumatatu 7 Julai.
C. Nitume kilichopo, vingine nivipe tarehe tofauti.

Bi_Faili: C. Afisa utumishi ana orodha, na kila jina lina vyumba vya kuweka alama. Ukinyamaza, yeye haoni kwamba unahangaika, anaona mtu asiyejibu. B ina ubaya wake pia: cheti cha polisi ndicho cha mwisho kutoka, kwa hiyo umevifunga vingine viwili kwenye mguu wa kinachochechemea. Kikichelewa hicho kimoja, umevunja ahadi ya vyote.

Halafu tazama kalenda. Tarehe 7 Julai ni Saba Saba, ofisi zimefungwa.

Juma_wa_Steshenari: A nayo si mbaya hivyo. Wengine hawapendi barua pepe tano za mtu mmoja, wanataka faili moja la PDF.

Bi_Faili: Hilo la faili moja ni kweli, lakini halizuii kujibu leo. Leo unatuma jibu na TIN. Mwishoni, vyote vikishatimia, unaviunganisha kwenye PDF moja na kuituma ndani ya mazungumzo yaleyale, usianzishe barua mpya.

Mama_Kairuki: Mimi mwajiri wa zamani hajanipa cheti cha utumishi tangu niache kazi. Naye nimwandikie hivyo?

Bi_Faili: Hapo, dada yangu, wewe ndiye unayedai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka akupe ajira inapokoma. Fungua uzi wako tukusaidie, huyu anadaiwa yeye.

Wakili_Pembeni: Mkaa_Foleni, tarehe ya cheti cha shule ihesabu kuanzia nyuma. Basi la kesho litafika usiku, kwa hiyo kifurushi ukichukue Jumatano asubuhi. Alhamisi uende kwa wakili ukiwa na cheti halisi pamoja na nakala, kwa sababu anapogonga muhuri anathibitisha kwamba ameviona vyote viwili. Ukimpelekea picha ya kwenye simu atakurudisha, na akikubali basi muhuri wake hauna maana. Ahidi Ijumaa tarehe 4, usiahidi Alhamisi. Siku hiyo moja ni ya basi kuharibika njiani.

Juma_wa_Steshenari: Na cheti cha polisi aahidi wiki ijayo tu, si ameshachukuliwa alama?

Wakili_Pembeni: Hapana. Tarehe ya kutoka anaijua polisi, yeye haijui. Anachoweza kuahidi ni siku ya kutoa taarifa, na stakabadhi ya maombi aiambatishe leo. Stakabadhi inaonyesha kwamba aliomba kabla hajadaiwa.

Bi_Faili: Basi iwe hivi:

> Yah: Nyaraka zilizopungua, nafasi ya Msaidizi wa Hesabu
>
> Nimepokea barua pepe yako ya leo, tarehe 30 Juni 2025, kuhusu nyaraka tatu zinazohitajika.
>
> 1. TIN: nimeiambatisha.
> 2. Nakala ya cheti cha kidato cha nne iliyothibitishwa na wakili: nitaileta ofisini Ijumaa, 4 Julai, kabla ya saa 6 mchana.
> 3. Cheti cha polisi: niliomba tarehe 24 Juni, stakabadhi nimeiambatisha. Kwa kuwa bado hakijatoka, nitakupa taarifa ya kilipofikia Jumatano, 9 Julai, hata kama hakitakuwa tayari.
>
> Iwapo siwezi kuanza kazi tarehe 14 Julai bila cheti hicho, naomba kujulishwa mapema.

Fuata mpangilio na majina aliyoyatumia yeye, ili aweke alama bila kutafuta. Na bonyeza kujibu wote, maana mara nyingi mkuu wa idara amenakiliwa.

Wakili_Pembeni: Sentensi ya mwisho ningeitoa. Unampa mlango wa kukuambia usije. Hilo aulize kwa simu.

Bi_Faili: Jibu la simu halimlindi. Akifika tarehe 14 akazuiwa getini, ataonyesha nini?

Mkaa_Foleni: Natuma sasa hivi, hiyo sentensi bado naifikiria. Je, nakala ya muhuri niitume pia kwa barua pepe, au karatasi inatosha?

Bi_Faili: Vyote. Iskani kwa rangi, muhuri wa bluu ukipigwa picha nyeusi na nyeupe hufifia wakakudai upya. Na ukikabidhi karatasi, omba wakugongee "imepokelewa" na tarehe kwenye nakala yako.