Naomba ushauri: wasifu wa muuza siagi ya karanga, herufi 150

Wakuu, namwandikia mama mjasiriamali wa Morogoro wasifu wa Instagram. Nafasi ni herufi 150, na nafasi tupu kati ya maneno nayo inahesabiwa. Rasimu hii ina 133:

"Siagi ya karanga, Morogoro. Nilianza 2019 na kinu cha mkono. Sasa nina leseni ya TBS. Karanga na chumvi tu. Oda: WhatsApp hapa chini."

Sehemu ya jina pia hutafutika, kwa hiyo "Siagi ya karanga, Morogoro" naihamishia huko. Zinabaki herufi 45. Niweke namba ya leseni, ambayo mteja anaweza kuilinganisha na lebo ya kopo, au nirefushe habari ya kinu? Naelemea namba, ila nahofia wasifu utasomeka kama tangazo la kiwanda. Mngepanga vipi?