Nimeshakubali kazi Mwanza. Bado nina haki ya kuuliza gharama za kuhama?

Aliyeuliza: Niko Dar, nimepata kazi ya uhasibu kampuni binafsi Mwanza. Jana tarehe 9 Mei niliwajibu kwa barua pepe kwamba nimekubali, mkataba sijausaini. Wanataka nianze Juni 1. Kuhusu kuhama hawakusema kitu, nami sikuuliza. Nina mke na mtoto mmoja. Nikiuliza sasa nitaonekana msumbufu? Na kwa haki, gharama hizi ni zangu au zao?

Mstaafu wa halmashauri: Kijana, hilo lisikuumize kichwa. Mimi nilihamishwa mara tatu. Kila mara nililipwa posho ya usumbufu, nauli ya familia na gari la mizigo, ingawa mara moja fedha zilichelewa hadi nikakopa. Mwajiri lazima akulipe, ni sheria.

Afisa rasilimali watu, Arusha: Shikamoo mzee. Hizo ni taratibu za utumishi wa umma, tena kwa mtumishi anayehamishwa na mwajiri wake. Huyu ndugu hahamishwi, anaanza kazi mpya sekta binafsi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimlazimishi mwajiri kukupeleka kazini. Inachomlazimisha ni kukurudisha. Kifungu cha 43 kinasema ajira ikikoma mahali tofauti na ulikoajiriwa, akusafirishe wewe na vitu vyako hadi ulikoajiriwa, au alipie usafiri huo, au akupe posho isiyopungua nauli ya basi.

Kwa hiyo kabla ya lori, angalia mstari mmoja kwenye mkataba: mahali pa kuajiriwa. Wengi huandikiwa mji wa ofisi bila kujua. Ukiandikiwa Mwanza, siku kazi ikiisha utafungasha kwa fedha zako, nao watakuonyesha saini yako. Kama ulifanyiwa usaili na kupewa kazi ukiwa Dar, omba paandikwe Dar es Salaam sasa, maana hujasaini.

Mama wa Nyegezi: Sheria sawa, lakini mwenye nyumba hasomi vifungu. Nilihamia hapa kutoka Moro. Niliambiwa nilipie miezi sita mbele, na dalali akataka kodi ya mwezi mmoja. Nyumba ya 200,000 ilinitoa 1,400,000 kabla sijanunua hata ndoo. Kampuni iliahidi kurudisha fedha kwa risiti. Dalali hana risiti! Laki mbili ile sikuiona tena. Mwambie aombe fedha mbele, hata nusu, au chumba cha kampuni kwa wiki mbili atafute nyumba mwenyewe. Nyumba ya kutafutiwa kwa picha za simu mimi siiamini. Yangu ilionekana safi, kumbe maji yanatoka Jumatano tu.

Mwenye duka la spea, Buguruni: Mimi napinga. Mtu amekubali mshahara, keshokutwa anarudi na bili ya lori? Mimi nina vijana wanne. Nikimlipia mmoja kuhama, akaondoka baada ya miezi mitatu, hasara ya nani? Angeuliza kabla ya kusema ndiyo.

Afisa rasilimali watu, Arusha: Kaka, hofu yako ndiyo maana kampuni nyingi huweka sharti: ukiondoka kabla ya mwaka, unarudisha. Hapo muulizaji ajadili deni lipungue kila mwezi anaofanya kazi, na lisimhusu akiachishwa na mwajiri.

Mama wa Nyegezi: Hata likipungua, ni mnyororo. Bosi akiwa mkali utavumilia kwa sababu ya deni la lori.

Afisa rasilimali watu, Arusha: Hilo siwezi kukubishia. Nimewaona waliovumilia. Nimewaona pia waliochukua fedha na kuondoka.

Turudi kwenye tarehe, ndugu muulizaji. Kama kwenye kazi yako ya sasa unalipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria ya kuacha kazi si chini ya siku 28. Ukiitoa kesho tarehe 11, zinaisha Juni 7. Ukiondoka mapema ili uwahi Juni 1, mwajiri wa sasa anaweza kukata kwenye stahiki zako mshahara wa siku ambazo hukufanya kazi. Kwa hiyo tarehe yao haiwezekani bila hasara, na hiyo ndiyo sababu safi ya kuwaandikia leo. Andika hivi: "Nathibitisha nimekubali kazi. Nikitoa notisi tarehe 11 Mei itaisha Juni 7, naomba kuanza Jumatatu Juni 15. Naomba pia kujua kampuni inasaidia nini katika usafiri wa familia, mizigo na malazi ya siku za mwanzo, na kama fedha hutolewa kabla au baada." Lakini barua ya kuacha kazi usiitoe mpaka mkataba wenye tarehe mpya uwe umesainiwa na pande zote mbili. Wakichelewa siku tatu, sogeza tarehe siku tatu.

Mwenye duka la spea, Buguruni: Ukiuliza hivyo, hata mimi nisingekasirika. Kulipa, hiyo bado.

Aliyeuliza: Nimefungua rasimu ya mkataba sasa hivi. Mahali pa kuajiriwa wameandika Mwanza. Mwanza kwenyewe sijawahi kufika, usaili tulifanya kwa simu nikiwa Tabata. Barua naiandika usiku huu.