Nimefanya kazi miezi 20, NSSF inasomeka 14. Miezi sita ya probesheni imeenda wapi?

Binti wa Sakina:

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nilianza kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha tarehe 1 Juni 2023. Zamu za usiku, wageni wanashuka na mabegi saa nane, kila kitu. Probesheni miezi sita, mshahara 350,000. Desemba nikathibitishwa, ikawa 450,000. Januari 2025 wageni wakapungua, tukapunguzwa wanne.

Nikaenda NSSF kuulizia fao la kukosa ajira. Dada wa dirishani akanigeuzia skrini, akashuka na kidole mstari kwa mstari: wa kwanza ni Desemba 2023, wa mwisho Januari 2025. Akahesabu kwa sauti, 14. Fao linataka michango isiyopungua miezi 18. Akasema pole, akaita anayefuata.

Nikampigia afisa utumishi wetu wa zamani. Eti "ulikuwa unajifunza, ile haikuwa ajira". Kujifunza! Nilikuwa nafunga hesabu za kaunta peke yangu alfajiri. Ningekuwa na hiyo miezi 20 ningelipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita, yaani kama 150,000 kila mwezi. Kodi ya chumba ingetoka hapo.

Kijana wa Ngarenaro:

Dada, pole, ila kisheria wana hoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema chini ya miezi sita hujawa mfanyakazi kamili. Ndiyo maana wanakufukuza bila maelezo.

Mzee wa Kaloleni:

Kijana umeshika mkia ukadhani ni ng'ombe mzima. Hiyo miezi sita ipo, lakini inahusu kuachishwa kazi isivyo halali: aliye chini ya hapo hana kinga hiyo. Likizo ya malipo nayo ina sharti lake la miezi sita. Hakuna mahali inaposema huyo si mfanyakazi. Maafisa utumishi wengi wameichukua namba hiyo wakaibandika kwenye NSSF, mahali isipohusika. Nimefanya kazi ya mishahara miaka mingi na nimeikuta kila kampuni.

Mchango unafuata mshahara. Binti alilipwa 350,000, asilimia 20 yake ni 70,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 420,000, na mwajiri haruhusiwi kumkata zaidi ya nusu. Barua ya uthibitisho inasema umefaulu majaribio, haisemi umezaliwa siku hiyo. Utumishi unahesabiwa tangu siku ya kwanza.

Binti, una karatasi gani?

Binti wa Sakina:

Shikamoo mzee. Barua ya kwanza ninayo, ya Juni. Lakini Desemba walinisainisha mkataba mpya, nikiusoma leo umeandikwa "tarehe ya kuanza kazi: 1 Desemba 2023". Sikuutazama, nilikuwa nashangilia nyongeza.

Mzee wa Kaloleni:

Marahaba. Hapo ndipo walipokuchezea. Nenda benki, chukua taarifa ya akaunti tangu Juni 2023. Wameandika nini kwenye malipo?

Binti wa Sakina:

"Posho mafunzo". Zote sita. Kiasi kile kile, tarehe 28 au 29.

Mzee wa Kaloleni:

Jina wanaweza kuliita wapendavyo. 350,000 ile ile kila mwezi, kwa zamu zilizopangwa, ni mshahara. Beba barua ya Juni, taarifa ya benki, na kitambulisho cha kazi kama kina tarehe. Usirudi dirisha la mafao, omba kuonana na wanaoshughulikia waajiri. Wakaguzi wao wana uwezo wa kufungua vitabu vya mishahara. Jina lako likiwa kwenye ratiba ya zamu ya Julai, habari ya mafunzo itakuwa ngumu kuitetea.

Mama Majengo Moshi:

Na mwanangu je? Amekaa fildi miezi miwili kwenye ofisi fulani hapa Moshi, hajalipwa hata nauli. Tudai NSSF?

Mzee wa Kaloleni:

Mama, huyo ni mwanafunzi na hana mshahara. Asilimia 20 ya sifuri ni sifuri.

Fundi Unga Limited:

Sisi gereji vijana wanapewa elfu tano ya chai kwa siku. Mwaka wa pili huu. Hiyo ni mshahara?

Mzee wa Kaloleni:

Hilo gumu, fundi. Anakuja saa anayotaka au ukimkosa unamkata?

Fundi Unga Limited:

Akichelewa namkata.

Kijana wa Ngarenaro:

😂 Fundi umejikamatisha. Ila mzee, wakibanwa si watamdai dada nusu yake, ile 210,000? Na CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, je?

Mzee wa Kaloleni:

Wanaweza kujaribu, ndiyo maana nasema mambo yapitie NSSF, asielewane nao pembeni. CMA kuna muda: siku 30 kwa kupinga kuachishwa, 60 kwa madai mengine. Aliachishwa lini hasa?

Binti wa Sakina:

Tarehe 31 Januari. Leo ni Machi 20. Kesho asubuhi naanzia benki.