Picha za Issa kwenye grupu la ukoo, Mikindani

Issa: Shikamooni wakubwa. Jana tulitoka na boti ya mzee kule nje ya Msimbati nimepiga picha 3 naomba mnisaidie ni samaki gani hawa maana kila mtu kwenye boti alikuwa na jina lake. Mbili za kwanza ni nje kwenye maji ya buluu, ya tatu tulikuwa tunarudi tumeshakaribia pwani

Baba Fatu: Marahaba. Hao pomboo bwana, si unaona mapezi

Mjomba Hamisi: Pomboo gani ana mgongo mrefu vile 😂 picha ya 1 ni nyangumi huyo, mwezi wa 8 huu wanapita

Bi Somoe: Marahaba mwanangu. Mimi naona nguva, bibi yetu alisema nguva ana nyama tamu kuliko mbuzi. Mlimwacha aende?

Issa: Bibi hatukuvua tulipiga picha tu

Da Rehema: Bi Somoe nguva hana pezi la mgongoni hata dogo, ukiona pezi limesimama mgongoni mfute nguva moja kwa moja. Issa hizi umezipunguza sana nitumie zenyewe kama dokumenti nizivute, WhatsApp inakula picha

Baba Fatu: Basi kama si pomboo wa kawaida atakuwa wale wanaoitwa poposi, wanafanana na pomboo ila hawana pua ndefu. Picha ya 3 pale hakuna pua hata moja

Da Rehema: Poposi hawana pua ndefu kweli Baba Fatu hapo uko sawa, ila poposi wa maji ya joto ya Bahari ya Hindi hana pezi la mgongoni kabisa, mgongo umenyooka tu, halafu makao yake yanaanzia Ghuba ya Uajemi kwenda India na mashariki zaidi, sio huku. Wenye pezi karibu wote wanakaa maji ya baridi, na huku hawapo. Kwahiyo picha ya Mtwara yenye pezi haiwezi kuwa yeye. Na pua kutoonekana kwenye picha si kwamba haipo, Issa amechelewa kubonyeza kichwa kimeshazama umebaki mgongo. Kila siku inatokea hiyo

Issa: Kweli da, nilikuwa naona kitu ndo nafungua kamera

Da Rehema: Shikilia kitufe ipige mfululizo. Mnyama anatoka kwa mpangilio, kichwa, pumzi, mgongo, pezi, mkia, ukipiga moja tu unapata kipande

*(Issa ametuma dokumenti 3)*

Da Rehema: Aah sasa. Picha ya 1 mnaona ule mvuke mweupe bado upo hewani na pezi ndo linatoka? Pima kwa macho kutoka mvuke unapoanzia mpaka pezi. Nyuma yake kuna ile boti nyingine, Issa ina urefu gani?

Issa: Ya jirani yetu ile, mita 7 hivi

Da Rehema: Kwenye picha huo umbali unakaribia boti nzima. Boti iko mbali kidogo kuliko mnyama kwahiyo mnyama anaonekana mkubwa kuliko alivyo, toa kidogo sema mita 5 au 6. Pomboo mzima, pua mpaka mkia, ni mita 2 na nusu. Sasa pomboo atakuwa na mita 5 kati ya tundu la pumzi na pezi vipi? Huyo ni nyangumi na pezi lake angalia lilivyo dogo, limekaa nyuma kabisa kama theluthi mbili ya mgongo na chini yake kuna kibonge. Nyangumi wa nundu

Mjomba Hamisi: Nilisema mimi

Baba Fatu: Mjomba na wewe hukusema nundu ulisema nyangumi tu 😏 Haya mimi niulize, picha ya 2 mvuke haujaenda juu, umelala mbele kushoto. Niliwahi kusoma kuna nyangumi wa kichwa cha mraba tundu lake liko upande wa kushoto wa kichwa na pumzi inatoka mbele kwa kulala. Basi picha ya 1 ni nundu, ya 2 ni huyo mwingine

Da Rehema: Umesoma vizuri yupo na anapiga hivyo hivyo, na maji ya kina kwetu hayako mbali na pwani kwahiyo si ajabu kumkuta. Ila rudi picha ya 1. Issa ulikuwa umeelekea wapi?

Issa: Mashariki zote mbili, jua lilikuwa mgongoni jioni

Da Rehema: Kwahiyo kulia kwako ni kusini na upepo ni wa kusi. Picha ya 1 mnyama anaenda kulia, mvuke umelalia kushoto yaani unarudi mgongoni kwake. Picha ya 2 amegeuka anaenda kushoto na mvuke bado umelalia kushoto, sasa unaonekana uko mbele yake. Mnyama amegeuka mvuke haujageuka, huo ni upepo. Angekuwa yule wa kichwa cha mraba pumzi ingegeuka naye. Halafu yule hana pezi lenye ncha vile, ana kituta tu

Mjomba Hamisi: Mimi sijui habari za tundu la kushoto ila huyo mwenye nundu akienda chini moja kwa moja anainua mkia wote juu, chini ya mkia kuna meupe. Issa mkia uliuona?

Issa: Tuliuona mara moja nikawa nashangaa sikupiga 😭

Da Rehema: Yale meupe ndo kitambulisho, kila mmoja na lake, hiyo picha ungeipata ungekutana naye tena mwaka mwingine ukamjua. Wanatoka maji ya Antaktika wanakuja kuzaa huku

Bi Somoe: Kumbe anatoka mbali hivyo. Na wa 3 naye mzazi?

Baba Fatu: Wa 3 mimi naona nundu chini ya pezi, si mtoto wa nyangumi wa nundu basi?

Da Rehema: Hapana, nundu hiyo ni tofauti. Pezi liko katikati ya mgongo sio nyuma, na limepandishwa juu ya tuta refu nene. Hakuna mvuke hata kidogo kwenye picha, na nyuma ni mikoko maji mafupi. Huyo ni pomboo wa nundu, anapenda pwani hivyo hivyo. Pua anayo ndefu, akitoka anatanguliza pua juu kwa kulala, ndo maana nasema piga mfululizo

Mjomba Hamisi: Hao ndo wanaoingia nyavuni hapa, nikiwa na jarife usiku nilikuwa namkatia wavu anatoka. Wamepungua sana siku hizi

Issa: Na yule wa pembeni kulia picha ya 3? Pezi lake limepinda kama mundu na tuta hana

Da Rehema: Hapo sasa. Inaweza kuwa mtoto wa hao hao maana wadogo hawajaota tuta bado, au pomboo wa kawaida mwenye pua fupi nene amejichanganya nao, hutokea. Kwa ukubwa naona karibu sawa na wenzake kwahiyo nachukua wa kawaida

Mjomba Hamisi: Mimi nasema mtoto. Pwani pale wa kawaida huwa hawaingii mpaka kwenye mikoko

Da Rehema: Mjomba niliwaona mimi Msanga Mkuu

Mjomba Hamisi: Uliona kwa miwani ya watalii 😂

Baba Fatu: Issa kesho mkitoka nitafutie nafasi, na simu yangu inapiga mfululizo

Issa: Kesho kusi kali baba, tunaangalia Jumamosi