Majirani wa Mtaa Wetu: ile sauti ya chanjo ya mabinti

Nesi Neema (kituo cha afya): Habari za jioni majirani. Ile sauti inayosambazwa, kwamba chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inawafunga uzazi mabinti, nimeisikiliza yote. Mzazi anayehofia uzazi wa mwanawe hana kosa, naomba tu niseme ninachokijua. Ndani ya chanjo hakuna kirusi hai. Kuna mfano wa ganda lake tu, limetengenezwa maabara bila vinasaba, hivyo haliwezi kuzaana wala kuleta ugonjwa. Mwili unalizoea sura, kirusi chenyewe kikija unakitambua.

Baba Rehema: Asante dada. Lakini mbona wasichana tu? Hapo ndipo watu wanaposhtuka.

Nesi Neema: Una haki ya kuuliza, kaka. Wanaume nao wanakipata kirusi hiki, na zipo nchi zinazochanja wavulana pia. Hapa Tanzania tunachanja wasichana kwa sababu ndio wenye mlango wa kizazi, na karibu saratani zote za hapo zinatokana nacho. Kinachoondoa uzazi ni saratani hiyo: wengine hutolewa kizazi, wengine hupigwa mionzi.

Mama Zawadi: Ila wanachomwa mara mbili. Mtoto wa dada yangu ndivyo alivyochomwa.

Nesi Neema: Ndivyo tulivyoanza 2018, na wa miaka 14. Tangu 2024 ni sindano moja, miaka 9 hadi 14.

Bibi Mwanahawa: Mimi nina 52. Nije nami nichomwe?

Nesi Neema: Shikamoo bibi. Chanjo haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia, ndiyo maana tunawawahi wakiwa wadogo. Wewe njoo tuzungumze kuhusu kipimo cha mlango wa kizazi. Hata waliochanjwa watapimwa wakikua, maana chanjo haizuii aina zote za kirusi.

Bibi Mwanahawa: Marahaba mwanangu.

Juma fundi: Shuleni kwa mdogo wangu binti alianguka baada ya sindano. Watu wakasema sumu.

Nesi Neema: Pole. Sikumwona, siwezi kumsemea. Ila kuzimia hutokea kwa umri huo kwenye sindano yoyote, mara nyingi kwa woga, ndiyo maana tunawakalisha dakika 15. Mkono kuuma au homa kidogo huisha kwa siku moja mbili. Akivimba uso au akipumua kwa shida, arudishwe hapohapo. Ni nadra sana, na inatibika.

Mama Zawadi: Bei?

Nesi Neema: Bure, kwenye vituo vya serikali. Kwetu ni kliniki ya mama na mtoto, asubuhi siku za kazi. Akichanjwa anapewa kadi, itunzeni.

Baba Rehema: Mimi nimeelewa. Mama yake bado. Aliyemtumia ile sauti ni mtu anayemheshimu sana.

Nesi Neema: Msimlazimishe. Njooni wote wawili bila binti, aulize yeye mwenyewe.

Baba Rehema: Nitamwambia. Sijui kama atakubali.

Bibi Mwanahawa: Mimi nije saa ngapi?

Nesi Neema: Saa mbili, bibi. Nitakuwepo.