Rigi yangu nikiianimeti mwenyewe haina shida, wakiishika wengine inavurugika. Nifunge nini, niache nini?

fundi_mifupa
Wakuu, habari zenu. Nina rigi ya mhusika wa miguu miwili niliyoitengeneza kwenye Maya. Mwenyewe naitumia vizuri tu. Sasa imeingia kwa animeta wengine wawili kama faili la rejea, na malalamiko yamekuja kwa mkupuo.

Wa kwanza anasema kiwiko cha kushoto kimechomoka mahali pake kuanzia fremu ya kwanza mpaka ya mwisho, na akifungua Graph Editor haoni kitu chochote kilichokisogeza. Wa pili kila akibonyeza S anaachiwa rundo la kii za scale na visibility ambazo hana kazi nazo. Halafu kuna hili la rangi: kontroli ya bega la kushoto niliipa bluu, na kila kilicho chini yake kikawa bluu, mpaka saa aliyovaa mhusika, kwa kuwa niliiweka chini ya kontroli ya kifundo cha mkono.

Translate za kontroli za FK nilizificha zote kwenye Channel Box. Scale na visibility niliziacha. Je, kuficha hakutoshi?

tega_pozi
Kunatosha mkuu. S inaweka kii kwenye chaneli zinazoruhusu kii tu. Ficha na hizo scale na visibility, biashara imeisha. Kufunga kabisa kutakusumbua siku ukitaka kurekebisha rigi.

mama_grafu
Kuhusu S uko sahihi, tega_pozi. Ila ushauri huohuo ndio uliochomoa kiwiko cha watu.

Fundi, jaribu hivi. Chagua kontroli ya kiwiko, bonyeza W, vuta mshale mmoja. Itasogea, kwa sababu chaneli uliyoificha haionekani lakini bado iko wazi. Animeta alitaka kuzungusha, akasahau kwamba bado ameshika Move Tool, akavuta kidogo. Namba haikuonekana popote, na S haikuweka kii kwa kuwa chaneli imefichwa. Bila kii hakuna mstari kwenye Graph Editor, na kosa linakaa lilelile kwenye kila fremu. Thibitisha kwenye faili lake la shoti, ukitanguliza namespace kwenye jina:

```
getAttr elbow_L_CTRL.translateX;
```

Angalia na Y na Z. Yoyote isiyo 0 ndiyo mchawi wako (nachukulia una grupu ya kusawazisha juu ya kila kontroli, ili pozi ya mwanzo iwe sifuri). Zirudisheni 0 kwenye mafaili ya shoti kwanza, ndipo ufunge kwenye faili la rigi:

```python
import maya.cmds as cmds
for c in cmds.sets('FK_SET', q=True):
    for a in ('tx','ty','tz','sx','sy','sz','v'):
        cmds.setAttr(c + '.' + a, lock=True, keyable=False, channelBox=False)
```

Ukifunga bila kuficha, chaneli inabaki pale ikiwa ya kijivu, na haina madhara. Ukificha bila kufunga ndiyo hatari. Hofu ya kurekebisha rigi baadaye haina msingi: kwenye faili lako unafungua muda wowote. Anayezuiwa ni aliyeileta kama rejea, na huyo ndiye tunayetaka azuiwe.

Kabla hujafunga scale, hakikisha zote ni 1. Wengi hukuza duara la kontroli kwa kuivuta kontroli yenyewe, halafu wanaifunga ikiwa na 2.4, na kila kilicho chini yake kinarithi. Umbo likuzwe kwa kuchagua vidoti vyake, `elbow_L_CTRL.cv[*]`, na transform isiguswe.

koti_la_pikseli
Mimi niko Blender, na kule kufuli za mfupa zinazuia kuvuta kwenye dirisha la kazi tu. Mtu akiandika namba kwenye kisanduku, inaingia. Nilihangaika na mkono uliorefuka nikidhani kufuli imeharibika. Fundi, hebu angalia kama kuna mtu aliandika namba kwa mkono.

mama_grafu
Kwenye Maya kufuli inakataa yote mawili, kuvuta na kuandika. Ya huku ni tofauti.

mistari_minene
Nijibu la rangi. Umeweka override kwenye transform, na yenyewe inashusha rangi kwa watoto wote. Izime hapo, uiweke kwenye shape iliyo chini ya transform, rangi itaishia kwenye umbo hilo tu:

```
setAttr clavicle_L_CTRLShape.overrideEnabled 1;
setAttr clavicle_L_CTRLShape.overrideColor 6;
```

6 ni bluu, 13 nyekundu, 17 njano. Mimi kushoto kwa mhusika ni bluu, kulia nyekundu, katikati njano. Kuna timu zinageuza, wewe fuata waliyozoea animeta wako. Kijani kiache, maana Maya inakitumia kwa kitu kilichochaguliwa, na animeta hatajua ameshika nini.

Mwili nao uwekee `overrideEnabled` 1 na `overrideDisplayType` 2 ili usichagulike. Bila hivyo mtu analenga kontroli ya kidole anadaka ngozi.

fundi_mifupa
Rangi imekaa, saa imerudi kawaida. Ile skripti imegoma kwenye `armL_SET.tx`. FK_SET yangu ina seti ndogo za mikono, miguu na mgongo ndani yake.

mama_grafu
Ndiyo, ukiuliza kwa `sets` unapewa seti ndogo kama zilivyo, na seti haina translate. Ukiichagua, Maya inazifungua yenyewe mpaka ndani. Badilisha mstari wa `for`:

```python
cmds.select('FK_SET')
for c in cmds.ls(sl=True):
```

Kabla ya kuiendesha, soma majina yaliyotoka. Ukiona jointi au grupu, iondoe kwenye seti. Animeta huchagua seti nzima na kubonyeza S, kwa hiyo kila kilichomo kitapigwa kii. Jointi ikipata kii zake, mara nyingi unakuja kugundua pale kontroli inazunguka na mkono umebaki umekakamaa.

fundi_mifupa
Zilikuwemo jointi za vidole, nimezitoa. La mwisho: kiwiko kinakunja kwa mhimili mmoja, kwangu ni Y. Nifunge rotate X na Z?

mama_grafu
Mimi nafunga. Kiwiko hakivunjiki kwenda pembeni, na Graph Editor inabaki na mstari mmoja wa kusoma.

pozi_kali
Naongea kama animeta: usifunge! Kamera iko upande mmoja tu, na kuna pozi ambazo silueti inakaa vizuri nikipindisha kiwiko kidogo, hata kama mfupa wa kweli haupindi hivyo. Tena ukiwa na skripti ya kulinganisha FK na IK, ikihitaji hata nyuzi 1 ya X na X imefungwa, mkono hautalingana au skripti itakatika njiani. Rotate za kifundo ndiyo kabisa usiziguse, na rotateOrder yake iache ionekane.

mama_grafu
Kama jointi zimenyooshwa sawasawa kwenye bapa moja, hiyo nyuzi 1 inatoka wapi?

pozi_kali
Inatoka kwa animeta aliyepindisha kiwiko kwa sababu rigi ilimruhusu.

fundi_mifupa
Basi kiwiko nakiacha wazi, goti nafunga X na Z.

pozi_kali
Goti tena?