Swali moja majibu mawili: wanaotunga chemsha bongo hapa Mombasa wametuchosha!!

KibokoniKwetu:
Jamani nafungua huu uzi na hasira zangu na msinambie nitulie. Ijumaa tulikuwa kwa chemsha bongo hapa mjini, ukumbi sitautaja wala waandaaji, wenyewe watajijua. Timu yetu na timu moja ya Likoni tukamaliza sare, ikabidi swali moja liamue nani achukua zawadi. Emsii akavuta kadi akasoma: "Fort Jesus ilijengwa mwaka gani?" Sisi tukaandika 1593, Likoni wakaandika 1596, emsii akaitazama kadi yake akasema Likoni washindi. Ukumbi mzima ukalipuka, viti vyaanguka, watu washikana mashati kwa sababu ya swali!

Nikaenda mbele nikaomba niione ile kadi. Imeandikwa kwa biro, swali mstari mmoja, chini yake 1596, basi. Haisemi jibu limetoka wapi, haisemi jibu gani lengine lakubalika. Na mtu yeyote aliyekulia mitaa hii ajua Wareno walianza ujenzi 1593 wakamaliza 1596. Sasa mtu akikuuliza "ilijengwa lini", wataka kuanza ama kumaliza? Sisi tuko sawa na wale wa Likoni wako sawa, na hilo ndilo linaniudhi, maana sina ugomvi nao kabisa, ugomvi wangu ni na aliyeandika ile kadi.

Na haikuwa hiyo peke yake. Raundi ya pili waliuliza "Nani alijenga Fort Jesus?", kadi yasema Wareno. Meza ya nyuma iliandika Cairati, yule Mtaliano aliyechora ramani yake, wakala sifuri. Mtu aliyesoma zaidi ndiye aliyeadhibiwa! Na mwengine angeandika mfalme wa Ureno, Filipo, aliyeamuru ijengwe, mungempa nini? Kwani ni kazi gani kuandika "Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka gani?" Maneno mawili matatu tu yaongezwe na hakuna mtu angeinua sauti.

dereva_wa_Mtwapa:
Bro mwataka maswali mepesi sasa? Chemsha bongo ni kuchemsha bongo. Ukishindwa kubali yaishe.

KibokoniKwetu:
Soma tena nilichoandika. Niulize swali gumu mpaka nitoke jasho, sawa, nikikosa nitakaa kimya. Lakini hilo gumu liwe na jibu moja ambalo nikienda kuangalia nyumbani nalikuta.

Nyali_Mmoja:
Dawa yake ni moja tu, wape watu majibu ya kuchagua. A 1593, B 1596, C 1698, D 1895. Kelele zote zaisha.

mzee_wa_Tudor:
Mwanangu hapo umeweka majibu mawili ya sawa kwenye swali moja, A na B, ugomvi utakuwa ule ule. Hizo mbili za mwisho umechagua vizuri, maana 1698 ndio mwaka Waomani walipoiteka na 1895 ndio Waingereza walipoifanya jela, mtu asiyejua ataingia mtegoni kwa haki. Kuchagua kwasaidia iwapo yale mengine matatu huwezi kuyatetea hata kidogo.

Mimi nimetunga maswali ya mashindano ya vijana miaka mingi, nawaambia navyofanya. Naanza na jibu, swali laja baadaye. Kwa mfano nina jibu 1593 na nimelikuta sehemu mbili ambazo hazikunakiliana. Nikishaandika swali nakaa upande wa mtu mbishi, najiuliza je, kuna mtu mwenye elimu anaweza kuandika kitu chengine na asiwe amekosea? Kama yupo, swali halijaiva. Mwaka wa kuanza na wa kumaliza, aliyeamuru na aliyechora na waliobeba mawe, hayo ndiyo matundu yenyewe. Nikimaliza nampa mtu ambaye hajui ninachotafuta anisomee kwa sauti, halafu simuulizi jibu, namuuliza "umeelewa wanataka nini?" Akisita, narudi kuandika.

Na kwenye kadi chini ya jibu kuna mstari wa yale yanayokubalika. Ukiuliza jina la mchoraji ramani, utamkuta Giovanni Battista Cairati kwengine, na kwengine João Batista Cairato kwa Kireno. Mtu ni yule yule. Emsii lazima awe ameandikiwa yote mawili na kwamba "Cairati" peke yake yatosha, kama hakuandikiwa ataamua kwa sura ya mtu.

bint_Majengo:
Shikamoo mzee. Mimi ishanipata na "Kaunti gani ndogo zaidi Kenya?" Nikaandika Mombasa kwa sababu kwa eneo hakuna iliyo chini yetu. Jibu lao likawa Lamu 😡 kwa sababu ya watu. Sensa ya 2019 Lamu ilikuwa na watu 143,920 na sisi tumepita milioni, sawa, lakini mbona hamkusema mwahesabu watu?

mzee_wa_Tudor:
Marahaba binti. Hapo ningeandika "Kwa sensa ya 2019, kaunti gani ilikuwa na watu wachache zaidi?" Ukiwacha mwaka, sensa nyengine ikija kadi yako yaweza kuwa uongo na wewe hujui.

mama_wawili:
Jamani mie mnisaidie, hii ni kama ya mwanangu. Waliulizwa darasani Jomo Kenyatta alianza kuongoza Kenya lini, mtoto akaandika 1963, mwalimu akamkata akaandika 1964. Niende kwa nani?

mzee_wa_Tudor:
Mama, mtoto ana hoja. Alikuwa waziri mkuu kuanzia Juni 1963, urais ulikuja Desemba 1964 tulipokuwa jamhuri. Nenda kwa mwalimu mwenyewe kwa upole, umuonyeshe kwamba swali halikutaja cheo.

Nyali_Mmoja:
Haya mzee nimekubali ya A na B. Lakini ukumbini ishatokea, watu washapiga kelele, emsii afanyeje? Mimi nasema uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho.

mzee_wa_Tudor:
Hiyo sheria ni ya kuzima kelele tu, haiponyi swali bovu. Swali likiwa na majibu mawili latupwa, nyote hampati, linachukuliwa la akiba. Na la kuvunja sare lisiwe la mwaka hata kidogo. Uliza namba kubwa, kama hao watu wa Lamu 2019, nani atakaribia zaidi. Ila mwambie emsii atangaze kabla hajasoma kwamba wakiwa mbali sawasawa, mmoja juu na mwengine chini, itakuwaje.

KibokoniKwetu:
Mzee shukran, lakini kulitupa sikubali. Sisi tulijibu sawa, kwa nini tupoteze? Wangetupa pointi timu zote mbili.

mzee_wa_Tudor:
Ukizipa zote mbili sare yabaki pale pale. Na meza iliyoacha wazi kwa sababu haikuelewa swali, yenyewe utaipa nini?

KibokoniKwetu:
Waliokuwa wanashindana ni sisi na Likoni tu, hakuna aliyeacha wazi. Kesho nawaandikia waandaaji, nataka swali la akiba mbele ya timu zote mbili, na nione kadi yake kabla zawadi haijatoka.

dereva_wa_Mtwapa:
Likoni washaigawa hiyo zawadi bro.